Asilimia 15, khalati, lakini pesa hizo zatoka wapi?

Juma lililopita baada ya Isha khalati yangu aliniita nyumbani kwake. Alikuwa na kikaratasi ambacho mjukuu wake alimwandikia kutoka kwenye simu: majina ya kampuni za Soko la Hisa la Nairobi, yamepangwa kuanzia ile inayolipa zaidi. Khalati ana shilingi 300,000, fungu lake la mirathi, na alikuwa ameshakata shauri. Kidole chake kilikuwa juu ya jina la kwanza. "Hii yatoa asilimia 15 kwa mwaka, mwanangu. Kuna jengine la kuzungumza?"

Lilikuwepo. Na kwa kuwa najua vikaratasi kama hicho vyazunguka barazani kwingi, nimeona niandike hapa yale niliyomwambia.

Ile asilimia iliyoandikwa mbele ya jina ndiyo huitwa mavuno ya gawio. Hupatikana kwa kuchukua gawio ambalo kampuni imetoa kwa hisa moja mwaka mzima, kisha kuligawanya kwa bei ya hisa hiyo sokoni leo. Gawio likiwa shilingi 3 na hisa inauzwa shilingi 20, mavuno ni asilimia 15. Hesabu ni nyepesi, lakini tazama kilicho chini ya mstari: bei. Kampuni haihitaji kuongeza hata senti moja ili asilimia hiyo ipande. Inatosha bei yake ianguke.

Chukua Safaricom, kwa sababu wengi wetu tunaifahamu na wengine wana hisa zake tangu zilipouzwa kwa umma mwaka 2008 kwa shilingi 5. Kwa mwaka wa hesabu ulioishia Machi 2021 ilitoa gawio la shilingi 1.37 kwa hisa. Agosti ya mwaka huo hisa ilifika takribani shilingi 44, kwa hivyo mavuno yalikuwa kama asilimia 3. Mwisho wa 2023 gawio lilikuwa limeshuka hadi shilingi 1.20, lakini hisa ilikuwa inauzwa takribani shilingi 14. Piga hesabu: asilimia 8.6. Gawio limepungua, na mavuno yamekaribia kuzidi mara tatu.

Sasa mfikirie aliyenunua hisa 20,000 ile Agosti. Alitoa shilingi 880,000. Hadi mwisho wa 2023 alikuwa amepokea gawio la miaka miwili, 1.39 na 1.20, yaani shilingi 51,800 kabla ya ile asilimia 5 ya kodi inayokatwa kabla pesa hazijakufikia. Hisa zake zenyewe zilikuwa na thamani ya shilingi 280,000. Kwenye kikaratasi cha mjukuu kampuni hiyo ingepanda, na yeye ana pengo la zaidi ya nusu milioni.

Basi mavuno yakiwa makubwa, kwanza yanakwambia kwamba soko lina wasiwasi na jambo fulani. Wakati mwengine wasiwasi huo una msingi, wakati mwengine umepita kiasi na mnunuzi anapata kitu kizuri kwa bei ya chini. Mavuno peke yake hayawezi kukwambia ni lipi kati ya hayo mawili, na hapo ndipo inapohitajika hesabu ya pili.

Hiyo ya pili haigusi bei kabisa. Inauliza: katika kila shilingi 100 za faida, kampuni imegawa ngapi na kubakisha ngapi? Unachukua gawio la hisa moja, unaligawanya kwa faida ya hisa moja, ambayo lazima iandikwe kwenye hesabu za mwaka. Safaricom ya Machi 2021 ilipata faida ya shilingi 1.71 kwa hisa, ikagawa 1.37. Hiyo ni asilimia 80, na ndiyo kiwango ambacho kampuni yenyewe huwa inakilenga. Kwa mwaka ulioishia Machi 2024 ilipata 1.57 ikagawa 1.20, asilimia 76. Bei ilikuwa imeporomoka, lakini gawio lilikuwa bado latoka ndani ya faida na kitu kikibaki. Mwaka uliofuata ililipa tena 1.20.

Lakini hata hapa kuna shimo, na wengi huingia. Faida ipi? Safaricom ilianzisha mtandao Ethiopia Oktoba 2022, na biashara hiyo changa ikala hasara kubwa. Kule haiko peke yake, ina washirika wanaobeba sehemu ya hasara. Faida ya kundi zima kwa mwaka wa Machi 2024 ilikuwa takribani shilingi bilioni 42.7, ukitoa hasara inayowahusu washirika, faida ya wenye hisa wa Safaricom ilikuwa takribani bilioni 63. Gawio lote lilikuwa bilioni 48. Mtu akitumia ile namba ndogo atakwambia kampuni imegawa asilimia 113 ya faida, akitumia kubwa atasema 76, na wote wawili wamesoma karatasi moja. Ya mwenye hisa ni ile inayoitwa faida ya wenye hisa wa kampuni mama. Hata hivyo ile ndogo sitaitupa, maana yaonyesha ni kiasi gani biashara mpya inavyokula.

Kampuni ikigawa asilimia 30 tu si lazima iwe bahili. Huenda inajenga, na anayetaka matumizi ya kila mwaka, kama khalati, haimfai, lakini kijana yaweza kumfaa. Ikigawa zaidi ya 100, pesa za ziada zimetoka akiba, au mkopo, au mali iliyouzwa. Bamburi ilipouza Hima Cement ya Uganda iliwapa wenye hisa gawio maalum la shilingi 18.25, juu ya gawio la kawaida la 5.47. Hapakuwa na ubaya, lakini kiwanda hakiuzwi mara mbili. Anayejumlisha yote mawili na kuyaita mavuno ya mwaka anajidanganya, na simu za watu mara nyingi hujumlisha hivyo hivyo.

Tukarudi kwenye kidole cha khalati. Benki tulikuwa tumeshaziweka kando kwa sababu ya riba, na masuala mengine ya hukumu nilimwachia awaulize masheikh. Nikafungua hesabu za mwaka za kampuni yake, ambayo sitaitaja. Gawio, shilingi 3. Faida kwa hisa, shilingi 2.10. Imegawa asilimia 143. Tukatafuta mali iliyouzwa, hapana. Tukatazama mikopo ya benki mwaka jana na mwaka huu, pande mbili za ukurasa mmoja. Imepanda.

Khalati alivua miwani. "Yaani wamekopa ili wanipe mimi?"

Nikamwambia karatasi zaonyesha hivyo, na kwamba gawio la mwakani likirudi ndani ya faida, tuseme shilingi 1.50, asilimia 15 yake itakuwa 7 na nusu kwa bei ileile, na sidhani bei itabaki ileile.

Alinyamaza kidogo, kisha akakikunja kile kikaratasi akakitia chini ya kikombe. Akaniuliza kama hesabu za ile kampuni ya pili kwenye orodha nazo zinapatikana kwa simu, au lazima twende kuzitafuta Nairobi.