Dakika tatu mbele ya majaji wa fani nyingine

Ukame ulipoibana Queensland, Australia, wakazi waliweka kipima muda cha dakika tatu bafuni ili wasimwage maji ovyo. Alan Lawson, aliyesimamia masomo ya uzamili na uzamivu katika Chuo Kikuu cha Queensland, akajiuliza: je, mwanafunzi wa uzamivu anaweza kueleza utafiti wake ndani ya muda huo? Mwaka 2008 shindano la kwanza lilifanyika chuoni hapo, na sasa linaendeshwa katika vyuo vya nchi nyingi.

Masharti ni makali. Mshiriki anaruhusiwa slaidi moja isiyo na mwendo wowote. Haruhusiwi sauti ya kurekodi, video wala kifaa cha kuonyesha, na haimbi wala haghani. Saa huanza kuhesabu anapotamka neno au kufanya ishara ya kwanza. Akipitiliza dakika tatu, anaondolewa.

Ugumu mkubwa, hata hivyo, uko kwa majaji. Utafiti wa mbegu unaweza kusikilizwa na mwanasheria, mwanahistoria na mhandisi. Wote ni wasomi, lakini hakuna anayejua istilahi za kilimo.

Tuseme mshiriki anachunguza sumukuvu kwenye mahindi. Akianza na jina la kisayansi la kuvu na mashine ya kupimia, dakika nzima itapotea kabla mwanasheria hajajua tatizo ni nini. Afadhali aanze na tukio: mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, watu 125 walikufa kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Hapo kila msikilizaji anataka kujua dawa. Ndipo aeleze kwamba si kila kuvu wa jamii hiyo hutoa sumu, na kwamba wale wasio na sumu wakisambazwa shambani mapema huwahi nafasi na kuwabana wenye sumu. Kisha aseme yeye mwenyewe amepima nini na amepata nini. Sehemu hii ndiyo inayostahili muda mrefu zaidi, na ndiyo wengi huimaliza kwa sentensi moja ya harakaharaka kengele ikikaribia.

Wapo pia wanaorahisisha kupita kiasi. Mshiriki akidai amemaliza tatizo la sumukuvu, ilhali amejaribu mashamba machache kwa msimu mmoja, jaji wa fani yoyote atashtuka, kwa kuwa vigezo vya shindano vinapima pia kama utafiti umepunguzwa uzito wake. Kusema “katika mashamba niliyoyapima” hakuchukui hata sekunde mbili.

Kipimo kizuri cha mazoezi ni kumhutubia mtu wa fani nyingine, kisha kumwomba asimulie alichosikia. Akikumbuka vifo vya 2004 lakini asijue mshiriki amegundua nini, kisa cha mwanzo kimekula nafasi ya utafiti. Hapo cha kupunguza ni kisa chenyewe, hata kama ndicho kinachosisimua kuliko vyote.