Nani Atakufungulia Saa Moja?

Mdogo wangu alipata barua ya ajira Jumanne mchana: karani wa hesabu katika duka la jumla la vifaa vya ujenzi, Dar es Salaam, mshahara shilingi 900,000 kwa mwezi. Kazi ni Jumatatu hadi Ijumaa, saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, na Jumamosi saa mbili hadi saa saba mchana. Jumamosi ndiyo siku yake ya darasa la kujiandaa na mitihani ya CPA. Aliponionyesha simu, tayari alikuwa ameandika: "Samahani bosi, Jumamosi huwa nina udhuru kidogo, naomba unisaidie." Nikamwambia asiutume.

Udhuru ni neno la aliyefiwa au anayeumwa. Bosi akilisoma anaona mtu atakayekosekana kila wiki, wala haambiwi kazi ya Jumamosi itafanywa na nani. Isitoshe, ujumbe haukusema jambo la kwanza kabisa: anataka kupunguza saa, au kuzihamisha?

Tukachukua kalamu. Ukitoa saa moja ya chakula, siku tano zinafanya saa 40, na Jumamosi saa 5: jumla 45. Hicho ndicho kikomo cha wiki kwa Tanzania Bara katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kabla ovataimu haijaanza kuhesabiwa (Zanzibar ina sheria yake). Kikomo cha siku ni saa 9. Akiiacha tu Jumamosi atafanya saa 40, na kwa hesabu ya haki mshahara utashuka hadi 800,000. Lakini akiingia saa moja asubuhi badala ya saa mbili, atafanya saa 9 kwa siku tano, yaani zilezile 45. Mshahara haupungui, na mwajiri hadaiwi ovataimu. Hapo ombi likawa na sura nyingine.

Kuhusu wakati wa kuomba, siku zile baada ya barua kufika na kabla ya kuweka sahihi ndizo nzuri kuliko zote: wameshakuchagua, na mkataba bado unaandikika. Ila kama huwezi kabisa kufanya kazi siku nzima, usisubiri hadi hapo. Sema unapoitwa kwenye usaili: "Nashukuru kwa kuniita. Nina nafasi ya kufanya kazi hadi saa saba mchana, siku tano kwa wiki. Je, kazi hii inaweza kufanyika kwa saa hizo?" Wakikataa, umeokoa nauli. Ukilificha hadi mwisho, watakuona umewazungusha, na sitawalaumu.

Wala si kila kitu ni hisani. Mama anayenyonyesha anaruhusiwa na sheria hiyohiyo hadi saa 2 kwa siku, ndani ya saa za kazi, kwa ajili ya mtoto. Huyo anataarifu kwa adabu na kupanga muda, habembelezi.

Mdogo wangu alipiga simu dukani kwanza, akauliza Jumamosi mhasibu hufanya nini hasa. Akajibiwa kwamba Jumamosi nyingi ni kupokea ankara tu. Ya mwisho wa mwezi ndiyo ya kuhesabu stoo. Ndipo akaandika:

"Nimeipokea barua ya ajira na niko tayari kuanza tarehe mliyopanga. Kabla ya kusaini, naomba tuzungumzie ratiba. Jumamosi ninasoma CPA. Napendekeza niingie saa moja asubuhi Jumatatu hadi Ijumaa, ili saa 45 za wiki zibaki palepale. Ankara za Jumamosi nitaziingiza Jumatatu kabla duka halijafunguliwa. Wiki yenye Jumamosi ya mwisho wa mwezi nitafuata ratiba yenu ya kawaida, niwepo kuhesabu stoo. Tukijaribu miezi mitatu kisha tukatazama upya, nitashukuru."

Jibu lilikuja kwa simu: "Haina shida, njoo tu." Hapo ndipo mimi niliwahi kuumia. Miaka ya nyuma nilikubaliana na meneja kwa mdomo kuwa nitoke saa tisa. Akahamishwa, aliyempokea akanihesabia utoro wiki tatu. Saa za kazi ni miongoni mwa mambo ambayo sheria inamtaka mwajiri amwandikie mfanyakazi, na zikibadilishwa, maandishi nayo yarekebishwe. Kwa hiyo mdogo wangu alituma mstari mmoja: "Asante sana, bosi. Naomba ratiba hiyo iingie kwenye kipengele cha saa za kazi, nije kusaini Alhamisi."

Alhamisi bosi alikuwa na swali moja tu, ambalo sisi wawili na kalamu yetu hatukuliwaza: duka linafunguliwa saa mbili, sasa saa moja nani atakufungulia? Wakamwita mlinzi. Mlinzi akasema geti yeye hulifungua saa kumi na mbili na nusu, ila ufunguo wa ofisi anao mtunza stoo, anayekaa Mbagala. Mkataba ukaongezewa mstari kwa kalamu, pande zote mbili zikausaini pembeni: karani wa hesabu atapewa ufunguo wake.