Kosa Dogo la Muda Mrefu au Kubwa la Mara Moja?

Maziwa freshi ya pakiti, yale yasiyokaa nje ya friji, kabla ya kufungwa hupita kwenye bomba refu yakiwa na joto la angalau nyuzi 72 za Selsiasi kwa sekunde 15. Mwisho wa bomba hilo kuna kihisio cha joto na valvu. Joto likishuka chini ya 72, valvu inageuka na kuyarudisha maziwa mwanzo yakapashwe upya. Ili kujiachia nafasi, fundi huweka lengo juu kidogo, tuseme 74, kisha kazi ya kulishikilia joto hapo anaachiwa kidhibiti kinachofungua na kubana valvu ya mvuke.

Kidhibiti hicho, cha aina iitwayo PI, kina namba mbili za kurekebisha. Ya kwanza, `Kc`, inasema valvu ifunguke kwa asilimia ngapi kwa kila nyuzi moja ya kosa, yaani tofauti kati ya joto linalotakiwa na joto lililopo. Ya pili, `Ti`, ni muda kwa sekunde: ukiwa mfupi, kidhibiti kinakuwa na pupa ya kulifuta kosa lililobaki, ukiwa mrefu, kinavuta subira. Ziegler na Nichols walitoa kanuni zao za kuchagua namba hizi mwaka 1942, na mafundi wanazitumia hadi leo. Ila ukishakuwa na mapendekezo mawili mkononi, bado unabaki na swali: lipi ni bora?

Macho hayatoshi kulijibu. Weka michoro miwili ya joto mbele ya mafundi wawili, na mmoja atasifu ule uliotulia mapema huku mwenzake akisifu ule ambao haukushuka sana. Ndiyo maana zikatafutwa namba za kuamulia. Mbili zinazotumika sana ni IAE na ISE. Kwa IAE unachukua ukubwa wa kosa kila wakati, bila kujali kama joto limezidi au limepungua, unauzidisha kwa muda uliopita, kisha unajumlisha. Kwa ISE unalizidisha kosa kwa lenyewe kwanza, ndipo unajumlisha. Ukiacha hatua hiyo moja, hesabu ni ile ile.

Tuchukue mfano. Mashine imetulia kwenye 74, mara presha ya mvuke inashuka kwa sababu mtambo mwingine umewashwa, na sasa valvu inahitaji kufunguka asilimia 10 zaidi ili joto libaki palepale. Tunapima kosa kila baada ya sekunde 10, kwa dakika mbili.

Marekebisho ya upole yana `Kc` ya 5 na `Ti` ya 35. Makosa yanasomeka 1, 2.5, 2, 1 na 0.5, halafu sifuri mpaka mwisho. Marekebisho makali yana `Kc` ya 10 na `Ti` ya 20. Haya yanasomeka 1, 1.5, 0.5, kisha joto linapitiliza lengo: −1, −1, 0, linashuka tena: 1, 0.5, linapanda: −0.5, −0.5, na kumalizia 0 na 0.5 kabla ya kutulia. Kipimo cha kwanza ni sawa kwa yote mawili, maana katika sekunde 10 za mwanzo mvuke ulioongezwa haujafika kwenye maziwa. Hapo ukali wa kidhibiti hausaidii kitu.

Sasa tujumlishe. Makosa ya upole yanafika 7, na kila moja linasimamia sekunde 10, hivyo IAE ni 70. Ya makali, tukitupa alama za kutoa, yanafika 8, kwa hiyo IAE ni 80. Kwa kipimo hiki upole umeshinda. Lakini ukiyazidisha makosa kwa yenyewe, upole unapata 12.5 na ukali 7.5, yaani ISE ya 125 dhidi ya 75. Mshindi amegeuka, na pengo si dogo.

Kilichoufanya upole ushindwe ni vipimo viwili tu, 2.5 na 2, ambavyo peke yake vimechangia 102.5 kati ya ile 125. ISE huliadhibu vikali kosa kubwa na kulivumilia dogo: nusu nyuzi inakuwa robo tu. Kwa hiyo mipangilio inayochaguliwa kwa ISE mara nyingi huyumba-yumba kabla ya kutulia, kwani mawimbi madogo ya mwishoni hayaigharimu sana. IAE inahesabu kila nyuzi kwa bei moja.

Kuna hesabu fupi ambayo naona haipewi nafasi inayostahili. Ukijumlisha makosa bila kutupa alama za kutoa, kwa kidhibiti cha PI jibu linajulikana kabla hata ya kuwasha mashine: gawanya `Ti` kwa `Kc`, zidisha kwa asilimia ambayo valvu italazimika kuongeza. Upole: 35 gawanya kwa 5, mara 10, ni 70. Ndiyo IAE yenyewe, kwa sababu joto halikupitiliza lengo hata mara moja. Ukali: 20 gawanya kwa 10, mara 10, ni 20 tu, ilhali IAE iliyopimwa ni 80. Tofauti hiyo yote imetokana na kuyumba, pale kosa la juu lilipofuta la chini. Ukiona jumla hizi mbili zimeachana hivyo, kidhibiti chako kina pupa kupita kiasi. Kanuni hii inavunjika valvu ikifika mwisho wa kufunguka, au mashine isipoanza na kuishia ikiwa imetulia.

Ulinganisho nao una masharti yake. Usumbufu uwe ule ule na muda wa kupima uwe ule ule. Kihisio kinachotetemeka kwa sehemu moja ya kumi ya nyuzi kitaongeza 360 kwenye IAE ndani ya saa moja, hata kama hakuna lililotokea, na ile 70 tuliyoihangaikia itamezwa. ISE kwa saa hiyo hiyo itapata 36 tu. Pia 70 ya IAE na 125 ya ISE haziwekwi kwenye mizani moja. Kila kipimo kinalinganishwa na cha aina yake.

Turudi kwenye valvu ya mwisho wa bomba. Kwa upole joto lilishuka hadi 71.5, na maziwa yakarudishwa. Kwa ukali liliishia 72.5, yakapita. Hapa ISE imechagua vizuri, ila kwa bahati: ingempa adhabu ile ile fundi ambaye joto lake limepanda hadi 76.5, kosa ambalo lingeathiri ladha kidogo bila kurudisha hata tone. Vipimo vyote viwili havijui kwamba upande mmoja wa lengo una ukuta na mwingine hauna. Wala havihesabu safari za valvu ya mvuke, ambayo chini ya marekebisho makali inapanda na kushuka bila kupumzika na kula mpira wake wa kuzuia uvujaji.

Fundi anayeyajua hayo anaweza kubaki na upole na kupandisha lengo hadi 75. IAE itabaki karibu na 70, ISE karibu na 125, joto litaishia 72.5 na maziwa yatapita. Gharama yake ni mvuke wa nyuzi moja zaidi kwa kila lita, na hiyo inasomwa kwenye bili ya kuni au mafuta ya boila.