Herufi Sita za KARAMU

Andika neno KARAMU juu ya karatasi, kisha wewe na mwenzako mshindane kwa dakika kumi: nani atapata maneno mengi zaidi kutoka katika herufi hizo? Kabla ya kuanza kuna jambo moja la kukubaliana, nalo ndilo linaloamua mchezo utakuwa wa namna gani. Je, herufi moja inaruhusiwa kutumika mara ngapi?

Kanuni kali husema kila herufi itumike mara zile tu inazoonekana katika neno mlilopewa. KARAMU ina A mbili. K, R, M na U zimo moja moja. Hivyo ndivyo wanavyocheza katika Countdown, kipindi cha televisheni cha Uingereza kilichoanza mwaka 1982, ambako washindani hupewa herufi tisa. Kwa kanuni hii *amka* ni halali, lakini *kaka* inakataliwa kwa sababu ya K ya pili, na *karama* inakataliwa kwa sababu inataka A tatu. Kuhakiki ni rahisi: kila unapotumia herufi, ikate katika neno la juu. Ukihitaji nyingine na zote zimeshakatwa, neno lako limeanguka.

Wengi huhangaika na konsonanti, ilhali katika Kiswahili kinachobana ni irabu. Karibu maneno yetu yote huishia na irabu, na hapa tuna tatu tu, A, A na U. Kwa hiyo anza na mwisho wa neno. Vitenzi vyetu vingi huishia na A, basi A moja iweke mwishoni, ubaki na A moja na U. Ukitumia U peke yake unapata *ruka*, *umka*, na nomino *kura*. Ukitumia A iliyobaki unapata *kama*, *mara*, *amka*. Ukizitumia zote mbili unapata *amua*, *kamua* na *amkua*, yaani kusalimu. Hapo irabu zimekwisha.

Kisha tazama ngeli. Chukua *kaa*, uitangulize M: *mkaa*. Hiyo M inasimama kama silabi bila kudai irabu yoyote, ndiyo maana ni herufi ya thamani sana katika mchezo huu. Weka U mahali pake upate *ukaa*, ile ya hewa ya ukaa. Lakini ukienda kwenye *makaa* umenaswa, A zimefika tatu. Vivyo hivyo, unga *uumke* usiumke, *umka* inapita ila *umua* inakataliwa, kwa kuwa U ni moja. Na *mua*? Inapita, ingawa wapo wanaoandika *muwa*, ambayo haiwezekani bila W. Ndiyo maana kamusi moja ichaguliwe kabla ya kuanza, na neno lake liwe la mwisho.

Kanuni ya pili huachia herufi zirudiwe utakavyo. Ndiyo ya Spelling Bee, fumbo la gazeti la New York Times lenye herufi saba, ambamo kila neno liwe na herufi zisizopungua nne na lazima liwe na herufi ile ya katikati. Ukiileta kwenye KARAMU, milango inafunguka: *kaka*, *mama*, *kuku*, *makaa*, *karama*, *mrama*, *makamu*, na lile ninalolipenda kuliko yote, *marumaru*, herufi nane kutoka katika neno la herufi sita.

Ila kwa Kiswahili uhuru huo una tatizo ambalo Waingereza hawalipati kwa kiasi hiki. K na U zikirudiwa, kila kitenzi huzaa kingine: *ruka* na *kuruka*, *amka* na *kuamka*, *kamua* na *kukamua*. Halafu K na A zinaleta kiambishi cha masimulizi, na mtu anaanza kuandika *akaruka*, *ukaruka*, *akaamka*, *ukaamka*, *akakua*, mpaka karatasi ijae bila neno jipya hata moja kufikiriwa. Tiba yake ni kuhesabu vidahizo vya kamusi pekee. *Ruka* inahesabiwa mara moja, na viambishi vyake vyote vinaachwa nje.

Limebaki suala la CH. Mkipewa CHAKULA, je, CH ni herufi moja au mbili? Ukiifunga pamoja, unapata *chaka*, hata kwa kanuni kali, na *kula*, ikiwa mmeruhusu vitenzi vya silabi moja kwa umbo hilo. Ukiitenganisha, H inakuwa huru na *halua* inapatikana: H, A, L, U, A, herufi zote zimo, hata kwa kanuni kali. C inabaki bila kazi, maana haiandikwi peke yake katika Kiswahili. Mimi huitenganisha, kwa kuwa tunachokata ni herufi zilizoandikwa, si sauti; anayeishika kama sauti moja naye ana haki, mradi aseme hivyo kabla saa haijaanza kuhesabu.