Bei ya Kuinukia

Mwenye mkahawa wa Mji Mkongwe anayetaka mkataba wa mwaka mzima wa kuletewa jodari, mara nyingi humwanza muuzaji kwa kumuuliza, "Utanifanyia bei gani?" Hapo ameshajikwaa. Bei itakayotajwa ni ya muuzaji, na ubishi wote utakaofuata utaizunguka hiyo hiyo. Kuna swali lililotakiwa kutangulia, nalo halimhitaji muuzaji kabisa: tusipoelewana, kesho nitapata wapi samaki, na kwa kiasi gani?

Jibu liko dikoni Malindi, mnadani. Tuseme jiko linataka kilo 30 za mnofu kwa siku, na miezi ya bahari shwari jodari mzima anaangukia shilingi 9,000 kwa kilo. Wengi huishia hapo na kujiona wameshajua bei. Lakini mpishi hapiki kichwa, mifupa wala matumbo. Tukikadiria kwamba kilo 10 za samaki mzima zinatoa kilo 6 za mnofu, inabidi kununua kilo 50, na kila kilo ya mnofu imeshafika 15,000. Mpasuaji, barafu na gari, tuseme 45,000 kwa siku, vinaongeza 1,500. Kwa hiyo njia ya mnadani inagharimu 16,500. Hiyo ndiyo bei ya kuinukia: muuzaji akikataa kushuka hadi hapo, unamshukuru kwa chai na kuondoka. Roger Fisher na William Ury waliliandikia jambo hili kitabu mwaka 1981. Wachuuzi wa Malindi hawakukisubiri.

Tatizo ni kwamba hesabu hii ni ya miezi ya bahari shwari. Kusi ikishika, ngalawa nyingi hazitoki, na samaki yule yule anaweza kuangukia 12,000. Rudia hesabu: 20,000 za mnofu na 1,500 za gharama, jumla 21,500. Ukihesabu miezi 5 ya kusi na 7 iliyobaki, wastani wa mwaka unakaribia 18,600. Muuzaji anayetaka 20,000 mwezi wa Januari anaonekana mwizi. Bei hiyo hiyo mwezi wa Julai inaonekana sadaka. Ndiyo maana wauzaji wajanja hupenda mikataba isainiwe Julai.

Tuseme basi mmeelewana 18,000 kwa mwaka mzima, chini ya wastani wako, na umefurahi. Subiri. Muuzaji naye ana mnada ule ule. Kusi ikifika, samaki anayekupa wewe kwa 18,000 angeweza kumpeleka kwa mwingine kwa zaidi ya 20,000. Hatavunja mkataba kwa maneno. Utaanza kuona kilo 30 zimekuwa 22, gari limeharibika, na simu inapokewa na mtoto. Bei moja ya mwaka mzima inavunjika palepale ambapo njia mbadala yake imekuwa nzuri na yako imekuwa mbaya. Dawa yake ni bei mbili za misimu miwili ndani ya mkataba mmoja, na kila msimu una bei yake ya kuinukia. Au sehemu ya malipo ya miezi shwari izuiliwe hadi kusi ipite.

Lakini bei hizo zina nguvu tu kama mnada uko wazi kwako kweli: njia mbadala ambayo haijawa tayari si njia mbadala. Zanzibar tunalijua hilo kwa umeme. Unguja inauvuta kutoka bara kwa waya wa chini ya bahari, na waya ulipoharibika Desemba 2009, kisiwa kilikaa gizani kwa takriban miezi mitatu. Wenye majenereta waliendelea kuuza soda baridi. Wengine walianza kuulizia bei ya jenereta siku ambayo kila mtu alikuwa akiiulizia. Mwaka 2017, TANESCO ilipotishia kukata umeme wa Zanzibar kwa deni la zaidi ya shilingi bilioni 120, Rais Ali Mohamed Shein alijibu kwamba watu watawasha vibatari. Jibu lilipendeza masikioni. Ila friji haliendeshwi kwa kibatari, na aliyekuwa upande wa pili wa mazungumzo alilijua hilo pia.

Kwa hiyo mwenye mkahawa asiishie kuandika 16,500 na 21,500 kwenye karatasi. Mara moja kwa wiki, hata baada ya mkataba kusainiwa, amtume mtu wake mnadani alfajiri akanunue samaki mmoja, apasuliwe, na mnofu upimwe. Kwa njia hiyo atajua kama kilo 10 zinatoa 6 kweli au 5 na nusu, ambapo bei ya kuinukia inapanda. Na dalali atamzoea yule kijana, amwite kwa jina, amsogezee ndoo karibu.