Geji ya Betri Inaposoma Pungufu

Betri ya sola ya volti 12, ile ya risasi na asidi, ikijaa na kupumzika saa chache bila mzigo husoma karibu volti 12.7. Ikifika 12.2 imebaki nusu hivi. Nafasi kati ya betri iliyojaa na iliyofika nusu ni nusu volti tu, na geji yenye kosa la asilimia 3 inatosha kuimeza karibu yote. Ndiyo maana geji ya kujitengenezea kwa Arduino Uno, hata kama inawaka vizuri na kuonyesha namba, haifai kuaminiwa mpaka ipimwe na kurekebishwa.

Tuanze na njia ambayo umeme unapita. Pini ya analogi ya Uno haihimili volti 12, kwa hiyo tunaweka rezista mbili mfululizo: ya kiloomu 150 kutoka chanya ya betri, na ya kiloomu 10 kwenda hasi. Pini inachukua umeme pale zinapokutana, na hapo inafika sehemu moja tu kati ya 16 ya volti za betri. Chipu inalinganisha kiasi hicho na volti ya marejeo iliyo ndani yake, kisha inatoa namba kati ya 0 na 1023.

Kosa kubwa huanzia kwenye marejeo hayo. Usipoamuru vinginevyo, Uno hutumia umeme wake yenyewe wa volti 5, na umeme huo haukai mahali pamoja. Chaja ya simu ikitoa 4.8 badala ya 5, betri ya 12.5 itasomeka 13. Kadiri chaja inavyodhoofika, betri inaonekana imeshiba zaidi. Dawa yake ni marejeo ya ndani ya volti 1.1, yasiyoyumba kwa sababu ya chaja:

```
analogReference(INTERNAL);
```

Hata hivyo hiyo 1.1 ni ya kwenye karatasi. Chipu moja inaweza kuwa na 1.07, nyingine 1.13, na rezista za bei nafuu nazo zinaruhusiwa kukosea kwa asilimia 5. Hakuna haja ya kulisaka kila kosa peke yake. Tunayapima yote kwa pamoja, kuanzia kwenye waya wa betri hadi kwenye namba.

Chukua pawasaplai inayorekebishika na multimita nzuri. Betri ya mita iwe mpya, maana mita nyingi zikiishiwa betri husoma juu kuliko ukweli. Weka volti 11.00 kamili kwenye ncha za rezista, soma mara 64 na utafute wastani. Tuseme umepata 622. Panda hadi 14.00, ukapata 793. Kwa hesabu ya karatasi, yaani 17.6 gawanya kwa 1024, namba hizo zingetafsiriwa kuwa 10.69 na 13.63. Betri yenye 12.5 ingesoma 12.16, na mwenye nyumba angezima taa mapema bila sababu.

Sasa hesabu: volti zimepanda 3, namba zimepanda 171. Gawanya 3 kwa 171, unapata 0.017544, ndiyo volti za kila hatua moja. Zidisha hiyo kwa 622, inakuja 10.912, kufika 11 kunapungua 0.088. Basi, a ikiwa ndiyo ule wastani:

```
float v = a * 0.017544 + 0.088;
```

Jaribu kwa volti 12.50, ambayo hukuitumia kwenye hesabu. Namba ikiwa 707 au 708, kazi imekubali. Ikienda mbali na hapo, ama ulisoma vibaya ama kuna lehemu isiyoshika, na kuongeza hesabu juu yake hakutasaidia.

Kuna kosa moja ambalo hesabu hii haiwezi kuliponya, nalo mimi naliona ndilo linalowachosha watu zaidi. Ukiunganisha hasi ya geji kwenye waya uleule unaorudisha umeme wa taa, ampea 10 zikipita kwenye waya wenye omu 0.02 zinapoteza volti 0.2 njiani, na geji inakosea kwa kiasi hichohicho. Kuligundua ni rahisi. Shika multimita moja kwa moja kwenye vichwa vya betri, washa taa zote, kisha tazama geji: ikiyumba kuliko mita, tatizo ni waya. Ipe geji nyaya zake mbili zinazotoka kwenye vichwa vya betri, ya chanya ikiwa na fyuzi ndogo karibu na betri, ndipo upime upya.

Andika zile namba mbili kwa kalamu ya wino ndani ya boksi la geji. Ni za bodi hiyo na rezista hizo tu. Ukibadilisha kimojawapo, rudi kwenye 11 na 14.