Dhahabu Inayouzwa Kabla ya Kuchimbwa

Kampuni ya madini inayohitaji fedha za kujenga au kupanua mgodi huweza kukopa benki au kuuza hisa. Njia ya tatu ni kuuza sehemu ya dhahabu ambayo bado imo ardhini. Mnunuzi hulipa kitita mwanzoni, kisha hupata fungu lake kadiri mgodi unavyozalisha, mara nyingi hadi siku ya kufungwa kwake.

Mauzo hayo yana sura mbili. Ya kwanza ni mrabaha: mwenye nao hulipwa asilimia ndogo ya mapato ya mgodi, kwa kawaida baada ya kutolewa gharama za kusafirisha, kuyeyusha na kusafisha madini. Mrabaha huu ni wa mtu au kampuni binafsi, tofauti na ule unaotozwa na serikali, na mgodi mmoja unaweza kulipa yote miwili. Sura ya pili ni mkataba wa mgao. Hapa mnunuzi hapokei asilimia ya mapato, bali hupata haki ya kununua sehemu ya dhahabu yenyewe kwa bei ya chini iliyokubaliwa tangu mwanzo.

Mfano mzuri wa mgao ni Salobo, mgodi wa shaba wa kampuni ya Vale katika jimbo la Pará, Brazili. Makinikia ya shaba ya Salobo yana dhahabu ndani yake. Mwaka 2013 kampuni ya Kanada iliyoitwa Silver Wheaton, ambayo sasa ni Wheaton Precious Metals, iliilipa Vale dola bilioni 1.33 za Marekani. Kwa fedha hizo ilipata haki ya kununua robo ya dhahabu ya Salobo kwa maisha yote ya mgodi, kwa dola 400 kila wakia. Wakati huo wakia moja iliuzwa sokoni kwa zaidi ya dola 1,600. Vale iliuza robo ya pili mwaka 2015 na ya tatu mwaka 2016.

Kwa bei ya dola 1,600, kila wakia humwachia mnunuzi dola 1,200. Bei ikifika 2,400, hubaki na 2,000. Bei imepanda kwa nusu, lakini faida yake imepanda kwa thuluthi mbili, kwa sababu anacholipa hakifuati bei ya soko wala gharama za mgodi. Dizeli ikipanda au mishahara ikiongezwa, mzigo ni wa mchimbaji.

Vale ilikubali kwa sababu biashara yake kubwa ni chuma, shaba na nikeli. Wawekezaji walioithamini kwa madini hayo hawakuipa dhahabu ya Salobo uzito mkubwa, ilhali wanaonunua hisa za kampuni za dhahabu wako tayari kulipia ghali wakia hizo hizo. Tena fedha zilizopatikana hazikuwa mkopo wenye riba na tarehe za marejesho, wala hazikuwapunguzia wanahisa wa Vale sehemu yao ya kampuni.

Katika mgodi unaotegemea dhahabu peke yake, hesabu ni ngumu zaidi. Tuseme mgodi umeuza robo ya dhahabu yake kwa dola 400, na bei ya soko ni 1,600. Robo tatu zinauzwa kwa 1,600 na robo moja kwa 400, hivyo wastani unaoingia mfukoni ni dola 1,300 kwa wakia. Mwamba ambao gharama ya kuuchimba na kuuchenjua ni dola 1,350 kwa wakia ungeleta faida bila mkataba. Sasa unaleta hasara, na mgodi utauacha. Mkataba mkubwa kupita kiasi huweza hivyo kufupisha maisha ya mgodi, na hasara hiyo humrudia hata mnunuzi. Ndiyo maana migao mingi imefungwa kwenye migodi ambayo dhahabu au fedha ni zao la pembeni, na baadhi ya mikataba hupunguza asilimia baada ya kiasi fulani cha wakia kutolewa.

Mnunuzi naye hana mamlaka ya kuendesha mgodi. Franco-Nevada iliweka zaidi ya dola bilioni 1.3 katika mgao wa Cobre Panamá, mgodi mkubwa wa shaba nchini Panama. Novemba 2023, baada ya maandamano makubwa, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba sheria iliyoidhinisha mkataba wa mgodi ilikiuka katiba, na uzalishaji ukasimama. Fungu la mgodi usiozalisha ni sifuri, hata bei ya dhahabu ikiwa juu kiasi gani. Kwa sababu hiyo kampuni za aina hii hutawanya fedha zao katika migodi mingi ya nchi mbalimbali.